Kiwango cha Faida kwa Mtaji na Faida Baki: Jinsi Kipimo cha Utendaji Kinavyomfanya Meneja wa Kitengo Aukatae Mradi Wenye Manufaa. Mfano wa Uzalishaji wa Chumvi Pwani ya Bagamoyo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo baina ya vipimo viwili vya utendaji wa kitengo cha kampuni, yaani kiwango cha faida kwa mtaji na faida baki. Ufafanuzi unafanywa kwa mfano wa kitengo cha chumvi cha Bagamoyo ambacho meneja wake anaukataa mradi ambao ungeiongezea kampuni thamani. Makala yanaonesha kwamba kosa halitokani na uzembe wala ujinga wa meneja, bali linatokana na kipimo anachopimiwa. Aidha, yanaonesha kwamba faida baki huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini haiondoi lote endapo uchakavu unakokotolewa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwaka.

1.0 Utangulizi

Kampuni inapokuwa kubwa na kufanya shughuli za aina mbalimbali, makao makuu hayawezi kuamua kila jambo. Kampuni yenye majaruba ya chumvi Bagamoyo, malori Dar es Salaam na maghala Tanga hulazimika kumkabidhi kila meneja kitengo chake pamoja na uhuru wa kukiendesha. Uhuru huo huzaa swali: makao makuu yatajuaje kwamba meneja anautumia mtaji wa kampuni vizuri?

Jibu lililozoeleka ni kuigawa faida ya kitengo kwa mtaji uliowekezwa humo. Katika makala haya, matokeo ya mgawanyo huo yanaitwa kiwango cha faida kwa mtaji, nayo huelezwa kwa asilimia. Njia hii ilipata umaarufu katika kampuni ya Dupont ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambako Donaldson Brown aliichanganua katika sehemu mbili: faida kwa kila kiasi cha mauzo, na mauzo kwa kila kiasi cha mtaji. Baadaye Brown aliipeleka katika kampuni ya magari ya General Motors, na kutoka huko ikaenea duniani.

Jibu la pili ni kuchukua faida ya kitengo na kuondoa gharama ya mtaji ambao kitengo kinautumia. Kinachobaki ndicho kinachoitwa hapa faida baki, nacho huelezwa kwa fedha wala si kwa asilimia. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliitumia njia hii katika miaka ya 1950, na David Solomons akaitetea kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu upimaji wa utendaji wa vitengo.

Vipimo hivi viwili hutumia takwimu zilezile: faida na mtaji. Hata hivyo, vinaweza kumwelekeza meneja mmoja katika njia mbili zinazopingana. Sehemu zinazofuata zinaonesha jinsi jambo hilo linavyotokea.

2.0 Kitengo cha Mfano

Kampuni inayoelezwa hapa ni ya kubuni, na takwimu zake zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuatwa. Mazingira yake, kwa upande mwingine, ni ya kweli. Ukitoka mjini Bagamoyo kuelekea kaskazini, upande wa Nunge na maingilio ya Mto Ruvu, utaona majaruba ya chumvi yaliyochimbwa katika ardhi tambarare nyuma ya mikoko. Maji ya bahari, yenye takribani gramu 35 za chumvichumvi kwa lita, huingizwa katika mabwawa na kupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine huku jua na upepo vikiyapunguza. Yanapobaki kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ujazo wa awali, chumvi huanza kuganda katika jaruba la mwisho, kisha hukusanywa na kurundikwa.

Adui wa kazi hiyo ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei husimamisha uzalishaji, na chungu iliyoachwa wazi huoshwa na kupungua. Kwa hiyo mzalishaji asiye na ghala la kutosha hulazimika kuuza upesi, chumvi ikiwa ghafi, wakati ambapo kila mzalishaji mwingine naye anauza.

Kitengo chetu kinauza tani 10,000 za chumvi ghafi kwa mwaka. Faida yake kabla ya kodi ni shilingi milioni 500, na mtaji uliowekezwa, kwa thamani ya vitabuni, ni shilingi milioni 2,000. Kiwango cha faida kwa mtaji ni hivi:

500 ÷ 2,000 = 25%

Kampuni inakadiria kwamba gharama ya mtaji wake ni asilimia 14 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba wenye fedha, yaani benki na wanahisa kwa pamoja, wanatarajia angalau shilingi 14 kwa kila shilingi 100 walizotoa. Mradi wowote unaozalisha zaidi ya hapo unaiongezea kampuni thamani, na unaozalisha pungufu unaipunguzia.

Meneja wa kitengo hupata bahashishi ya mwaka endapo kiwango cha faida kwa mtaji hakitashuka chini ya kile cha mwaka uliotangulia. Sharti hili ndilo kiini cha mfano wetu.

3.0 Mradi Uliokataliwa

Mhandisi wa kitengo anapendekeza kujenga ghala na kufunga mtambo wa kuosha, kusaga na kutia chumvi madini joto. Gharama ni shilingi milioni 600. Mtambo utaweza kuhudumia tani 8,000 kwa mwaka, na kila tani iliyosafishwa itauzwa kwa shilingi 40,000 zaidi ya tani ghafi. Ongezeko la mapato ni shilingi milioni 320. Umeme, madini joto, mifuko, mishahara na matengenezo vitagharimu shilingi milioni 130. Kwa hiyo fedha zitakazobaki kila mwaka ni shilingi milioni 190.

Mradi utadumu miaka 6, na mwishoni mtambo hautakuwa na thamani ya kuuzwa, kwa kuwa hewa ya chumvi huila chuma haraka. Uchakavu kwa mafungu sawa ni shilingi milioni 100 kwa mwaka, na hivyo faida ya kihasibu inakuwa shilingi milioni 90.

Je, mradi huu unafaa? Kipimo cha kuaminika ni thamani halisi ya sasa, yaani jumla ya fedha zote zitakazopatikana, baada ya kila moja kupunguzwa kwa asilimia 14 kwa kila mwaka wa kusubiri, ukiondoa fedha zilizowekezwa mwanzoni. Shilingi moja inayopokelewa kila mwaka kwa miaka 6, kwa kiwango cha asilimia 14, ina thamani ya shilingi 3.8887 leo. Basi:

190 × 3.8887 − 600 = 138.8

Mradi unaiongezea kampuni thamani ya takribani shilingi milioni 139 kwa fedha za leo. Mwenye kampuni angeupokea bila kusita.

Sasa tutazame hesabu hiyo kwa macho ya meneja. Mwaka wa kwanza mtaji wa kitengo utapanda hadi shilingi milioni 2,600, na faida itapanda hadi shilingi milioni 590. Tukichukulia kwamba mali za zamani zinabaki na thamani na faida ileile, kiwango kipya ni hiki:

590 ÷ 2,600 = 22.7%

Kiwango kimeshuka kutoka asilimia 25, na bahashishi imepotea. Mwaka wa pili, mtambo ukiwa umepungua thamani hadi shilingi milioni 500, kiwango kitakuwa asilimia 23.6. Mwaka wa tatu kitakuwa asilimia 24.6. Ni katika mwaka wa nne tu ambapo kitavuka asilimia 25. Meneja anayetarajia kuhamishwa baada ya miaka miwili au mitatu anajua kwamba yeye atabeba lawama ya kushuka, na atakayemrithi atabeba sifa ya kupanda.

Meneja anaukataa mradi. Ikumbukwe kwamba hakukosea hesabu. Amefanya kile hasa ambacho sharti la bahashishi linamtaka afanye: kulinda wastani. Mradi wowote ulio chini ya asilimia 25 hushusha wastani wake, hata kama uko juu sana ya asilimia 14 inayotakiwa na kampuni. Eneo lililo kati ya viwango hivyo viwili ndilo eneo ambamo miradi mizuri hufia.

4.0 Upande wa Pili wa Kosa Hilohilo

Tatizo halikomei katika kukataa. Tuseme kampuni hiyohiyo ina kitengo cha malori chenye mtaji wa shilingi milioni 1,000 na faida ya shilingi milioni 100, yaani asilimia 10. Meneja wake anapendekeza kununua malori zaidi kwa shilingi milioni 300, ambayo yataleta faida ya shilingi milioni 36 kwa mwaka, yaani asilimia 12. Kiwango cha kitengo kitapanda:

136 ÷ 1,300 = 10.5%

Meneja huyu atapata bahashishi kwa kuwekeza katika mradi usiofikia gharama ya mtaji. Kwa hiyo chini ya kipimo kimoja, kitengo kinachofanya vizuri kinaacha kukua na kitengo kinachofanya vibaya kinapanuka. Fedha za kampuni zinaondoka kwenye chumvi na kwenda kwenye malori, na kila meneja anaweza kuonesha kwa takwimu kwamba ametimiza wajibu wake.

5.0 Hukumu ya Faida Baki

Tupime sasa maamuzi hayo mawili kwa faida baki. Kanuni yake ni hii:

Faida baki = Faida − (Gharama ya mtaji × Mtaji uliowekezwa)

Kabla ya mradi, kitengo cha chumvi kina faida baki ya shilingi milioni 220, yaani 500 ukiondoa asilimia 14 ya 2,000. Baada ya kuukubali mradi, katika mwaka wa kwanza inakuwa 590 ukiondoa asilimia 14 ya 2,600, ambayo ni shilingi milioni 226. Imeongezeka kwa milioni 6, na meneja anayepimwa kwa kipimo hiki ana sababu ya kusema ndiyo.

Kwa kitengo cha malori, faida baki kabla ya ununuzi ni hasi, shilingi milioni 40 chini ya sufuri. Baada ya ununuzi inashuka hadi milioni 46 chini ya sufuri. Meneja wa malori ana sababu ya kusema hapana.

Tofauti inatokana na jambo moja. Kiwango cha faida kwa mtaji hulinganisha mradi mpya na wastani wa kitengo, na wastani huo hutofautiana kutoka kitengo kimoja hadi kingine. Faida baki hulinganisha kila mradi na gharama ya mtaji, ambayo ni moja kwa vitengo vyenye hatari inayofanana. Swali kwa meneja linakuwa lilelile ambalo mwenye kampuni angejiuliza: je, fedha hizi zitazaa zaidi ya gharama yake?

6.0 Asilimia 25 Ilitoka Wapi?

Msomaji anaweza kuhoji: kama kitengo kimeshazoea kuzalisha asilimia 25, kwa nini kiridhike na mradi wa asilimia 15? Hoja hii ndiyo ambayo meneja huitoa mbele ya bodi, nayo husikika kuwa ya busara. Udhaifu wake unaonekana tukiutazama mradi wenyewe ukizeeka. Takwimu za Jedwali 1 ni za mradi peke yake, kwa shilingi milioni, na thamani ya vitabuni ni ile ya mwanzo wa mwaka.

Jedwali 1: Mradi ule ule kwa miaka 6

| Mwaka | Thamani ya vitabuni | Faida | Kiwango cha faida kwa mtaji | Faida baki |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 600 | 90 | 15% | 6 |
| 2 | 500 | 90 | 18% | 20 |
| 3 | 400 | 90 | 22.5% | 34 |
| 4 | 300 | 90 | 30% | 48 |
| 5 | 200 | 90 | 45% | 62 |
| 6 | 100 | 90 | 90% | 76 |

Mtambo ni uleule, chumvi ni ileile, na faida haijabadilika hata shilingi moja. Hata hivyo, kiwango kimepanda kutoka asilimia 15 hadi 90 kwa sababu tu vitabu vimepunguza thamani ya mtambo. Hivyo kitengo chenye mali kuukuu huonekana hodari. Majaruba yaliyochimbwa miaka mingi iliyopita, kwa gharama za wakati huo, yanakaribia kutokuwa na thamani vitabuni ilhali bado yanagandisha chumvi kila kiangazi. Asilimia 25 ya kitengo chetu huenda inasimulia umri wa majaruba kuliko uhodari wa uendeshaji. Haitoi ushahidi wowote kwamba shilingi mpya ikiwekezwa leo itazaa asilimia 25.

Jedwali linaonesha pia jambo la pili. Kila faida baki ya mwaka ikipunguzwa kwa asilimia 14 kwa kila mwaka wa kusubiri, jumla yake ni shilingi milioni 138.8, ambayo ndiyo thamani halisi ya sasa tuliyoipata katika sehemu ya 3.0. Ulingano huu si wa bahati. Hutokea daima, kwa njia yoyote ya uchakavu, mradi gharama yote ya mali iishe kuondolewa vitabuni katika uhai wake. Hakuna ulingano wa namna hiyo kwa kiwango cha faida kwa mtaji.

7.0 Mipaka ya Faida Baki

Ulingano uliotajwa ni wa jumla ya miaka yote, wala si wa mwaka mmojammoja. Hapa ndipo faida baki nayo inapoweza kupotosha. Tuseme makisio ya fedha yanapungua kidogo, kutoka shilingi milioni 190 hadi milioni 180 kwa mwaka. Thamani halisi ya sasa bado ni nzuri, takribani shilingi milioni 100. Lakini faida ya mwaka wa kwanza inakuwa milioni 80, na gharama ya mtaji wa milioni 600 ni milioni 84. Faida baki ya mwaka huo ni hasi kwa milioni 4. Meneja anayetazama mwaka mmoja tu ataukataa mradi mzuri kwa mara ya pili, safari hii kwa kipimo kilichosifiwa kuwa bora.

Chanzo ni namna uchakavu unavyogawanywa. Mafungu yaliyo sawa ya uchakavu yakijumlishwa na gharama ya mtaji inayoanzia juu na kushuka, mzigo wote wa mtaji unakuwa mkubwa mwanzoni na mdogo mwishoni. Dawa yake ni kutoza mzigo mmoja ulio sawa kila mwaka, unaojumuisha uchakavu na gharama ya mtaji kwa pamoja. Kwa mradi wetu mzigo huo hupatikana hivi:

600 ÷ 3.8887 = 154.3

Kwa makisio ya milioni 180, faida baki inakuwa shilingi milioni 25.7 kila mwaka, tangu wa kwanza hadi wa sita. Alama ya mwaka wa kwanza sasa inakubaliana na alama ya mradi mzima. Njia hii inaweza kutumika katika taarifa za ndani za kumpima meneja, bila kugusa hesabu zinazowasilishwa kwa wakaguzi na mamlaka ya kodi.

Dawa hiyo, hata hivyo, inafaa pale ambapo fedha huingia kwa kiasi kinachokaribiana kila mwaka. Shamba la minazi, ambalo pwani hii inalijua vizuri, husubiriwa miaka kadhaa kabla ya kuangua nazi ya kwanza. Kwa mradi wa aina hiyo hakuna kipimo cha mwaka mmoja kitakachotoa hukumu ya haki. Makao makuu hayana budi kumpima meneja kwa kulinganisha hatua iliyofikiwa na mpango ulioidhinishwa.

Mpaka mwingine ni ukubwa. Kitengo kikubwa hupata faida baki kubwa kwa sababu ya ukubwa wake, hivyo si haki kushindanisha vitengo kwa kiasi hicho. Linganisho linalofaa ni la kitengo na lengo lake chenyewe, au la ongezeko kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

8.0 Namna ya Kulitambua Tatizo

Mradi uliokataliwa kwa sababu hii mara nyingi hauachi karatasi. Mhandisi humweleza meneja, meneja hukokotoa asilimia, na pendekezo huishia mezani kwake. Makao makuu, yakitazama miradi yaliyoletewa, huona miradi yenye viwango vya juu tu na kuridhika. Kwa hiyo mkaguzi wa ndani anayetaka kujua ukweli hana budi kuanzia kwa mafundi na wahandisi, awaulize ni mapendekezo gani hayakupelekwa mbele.

Dalili ya pili imo vitabuni. Kiwango cha faida kinachopanda mwaka hadi mwaka huku faida yenyewe ikisimama ni ishara kwamba kinachobadilika ni thamani ya mali, si utendaji. Ikiwa wakati huohuo gharama za matengenezo zinapanda na tani zinazovunwa hazipandi, ni wazi kwamba kitengo kinaishi kwa mali ya zamani. Jaribio rahisi ni kukokotoa upya kiwango hicho kwa kutumia gharama ya kuchimba majaruba na kununua mitambo hiyo kwa bei za leo.

9.0 Hitimisho

Katika mfano wetu, kampuni imepoteza thamani ya shilingi milioni 139, na chumvi ya Bagamoyo imeendelea kuuzwa ghafi kwa haraka kabla ya masika, ilhali kila mhusika ametenda kwa mujibu wa kanuni. Faida baki ingemfanya meneja afikie uamuzi ambao mwenye mtaji angeufikia, na mzigo sawa wa mtaji kila mwaka ungemlinda asiadhibiwe katika miaka ya mwanzo. Kiwango cha faida kwa mtaji kinaweza kubaki katika taarifa kama maelezo ya hali ya kitengo. Kisichofaa ni kufunga bahashishi ya meneja kwenye asilimia ambayo inaweza kupandishwa kwa kutofanya lolote.